Mbegu na Chipukizi: Maana ya Utupu

Leo tutaeleza neno moja la mafundisho ya Budha, nalo ni utupu. Wengi hudhani maana yake ni kwamba hakuna kitu duniani. Sivyo.

Aliyelieleza sana ni Nagarjuna, mtawa wa Bara Hindi, yapata karne ya 2. Ili tumfahamu, tutwae mbegu ya mpunga. Ikipata maji, udongo na joto, huota. Je, chipukizi ni mbegu ile ile? La, mbegu haiko tena. Je, ni kitu kingine kabisa? La, maana kama ndivyo, mpunga ungeota hata penye mbegu ya mtama.

Kwa kuwa si kile kile, mbegu haikudumu. Basi wasemao kila kitu kina kiini cha milele wamekosea. Kwa kuwa si kingine kabisa, mbegu haikupotea bure. Basi wasemao hakuna kitu, wala tendo halina matunda yake, nao wamekosea. Njia ya kati hupita baina yao.

Utupu, basi, ni kukosa kiini cha kujitegemea. Kama mbegu ingekuwa na kiini kisichobadilika, isingeota kamwe.

Nagarjuna alionya kwamba kuushika utupu vibaya ni kama kumshika nyoka vibaya. Ukimsikia mtu akisema, "Yote ni matupu, basi kuiba si kitu," jua kwamba nyoka amekwisha muuma.

Jadilianeni: je, moto wa taa usiku kucha ni ule ule?