Neno "Mipaka" katika Mafunzo ya Wasaidizi Wenzi wa Afya ya Akili

Katika huduma za afya ya akili zinazolenga kupona kwa mgonjwa, yuko mtumishi ambaye sifa yake ya kwanza ya kuajiriwa ni kwamba yeye mwenyewe amepata kuugua maradhi ya akili na kujifunza kuishi nayo. Jimbo la Georgia, huko Marekani, lilianza kugharimia kazi ya watu wa namna hii kwa fedha za bima ya serikali mwaka 1999. Katika Afrika Mashariki kazi hiyo ilifanyiwa majaribio na mradi wa UPSIDES, ulioanza mwaka 2018 kwa fedha za Umoja wa Ulaya, na ambao miji yake ilikuwa pamoja na Kampala na Dar es Salaam. Mengi ya mafunzo ya kazi hii yalitungwa kwanza kwa Kiingereza, na katika kuyaleta kwa Kiswahili yametokea mambo yanayomhusu mwanalugha kadiri yanavyomhusu tabibu.

Jina lenyewe la mtumishi huyu si jepesi. Neno "rika" limekwisha kuzoeleka katika elimu ya afya ya vijana, lakini rika ni la umri, na hapa mtu wa miaka 25 aweza kumsaidia mzee wa miaka 60. "Mwenzi" nalo laelekea ndoa. Katika makala haya litatumika "msaidizi mwenzi", kwa kuwa neno la kwanza huizuia ile maana ya ndoa isitangulie.

Somo la kwanza huwa ni la kupona. Mwaka 1993 William Anthony alikueleza kupona kuwa ni njia ya kuishi maisha yenye kuridhisha na yenye matumaini hata pale ambapo maradhi yameacha upungufu. Basi ni mwendo, wala si kikomo. Kiswahili chaweza kabisa kulisema jambo hili, lakini hutegemea wakati wa kitenzi. "Amepona" ni habari ya jambo lililokamilika, na anayeambiwa hivyo ana haki ya kuuliza kwa nini aendelee kumeza dawa. "Hajapona", kwa ile "-ja-" yake, humfanya mtu aonekane amechelewa kufika mahali alipotazamiwa. Kwa hiyo mkufunzi mwangalifu huwazoeza wanafunzi kusema "anaendelea kupona", tena hueleza sababu, maana asipoieleza watalirudia kama salamu tu.

Lakini ugumu mkubwa umo katika somo la mipaka. Mpaka, katika masikio ya watu wengi, ni wa shamba au wa nchi, na husikika zaidi pale penye ugomvi. Mwanafunzi akiambiwa "weka mipaka kati yako na unayemsaidia" husikia kwamba amekatazwa udugu. Nao udugu ndio chombo chake cha kazi. Mgonjwa ambaye hakufungua kinywa mbele ya daktari humweleza msaidizi mwenzi kwa sababu amemwita "dada" naye ameitikia. Ila "dada" si jina tupu; lina madai yake, na methali isemayo kwamba undugu ni kufaana yajulikana na kila mtu.

Tuseme, kwa mfano wa igizo la darasani, kwamba mwanamume anayehudhuria kliniki amwambia msaidizi wake: "Dada, nikopeshe shilingi 10,000 ya nauli, nitakurudishia." Darasa hutoa majibu ya aina tatu. La kwanza ni "Sina." Ni jibu la adabu, lakini ni la uongo, na siku ile mwanamume atakapomwona akinunua chai na vitumbua, imani iliyojengwa kwa miezi itabomoka. La pili ni "Siruhusiwi." Hili ni kweli, lakini kitenzi hicho cha kutendwa chamleta mtawala asiyeonekana: msaidizi mwenzi mara huwa karani wa dirishani, na aliyeomba hubaki peke yake upande wa pili. La tatu ni "Ngoja nione." Hili ndilo baya kuliko yote, kwa maana ni ahadi isiyo na siku. Hurefusha ombi, na kwa kawaida huishia kwa msaidizi kutoa fedha kwa siri, kisha kuanza kumkwepa aliyemkopesha.

Jibu linalofundishwa lina sehemu mbili: "Kaka, mimi huwa simkopeshi mtu yeyote ninayefuatana naye katika kazi hii. Lakini habari ya nauli twende leo hii tukamwone ofisa ustawi wa jamii, mimi na wewe." Nguvu ya jibu hili imo katika "huwa". Laonyesha desturi iliyokuwako kabla ya ombi, na inayowahusu wote. Basi anayekataliwa hakupimwa akaonekana hafai. "Kaka" hubaki pale pale, na "mimi na wewe" hurudisha ule udugu kwa njia ya miguu badala ya mfuko. Baada ya hapo msaidizi humweleza msimamizi wake siku hiyo hiyo, hata kama hakutoa kitu. Kulificha ombi ni dalili ya mapema kuliko kutoa fedha kwenyewe.

Siri nayo hufuata kanuni ya namna hiyo. Mtu akisema "Nikuambie jambo, lakini usimwambie mtu," msaidizi asiyefunzwa huapa, kisha husikia kwamba mwenzake amekusudia kujiua. Sasa hana njia ila kuvunja neno lake au kunyamaza. Kwa hiyo kikomo cha siri husemwa siku ya kwanza, na hurudiwa kabla ya siri kutolewa: "Nitayatunza utakayoniambia, ila likiwapo la kuhatarisha uhai wako au wa mwingine tutalipeleka pamoja kwa daktari."

Somo la mwisho, la msaidizi kujitunza mwenyewe, limeponzwa na neno lake. "Kujitunza" katika usemi wa kila siku ni usafi, mavazi na mwenendo. Binti "aliyejitunza" husifiwa kwa jambo lingine kabisa. Darasa likiulizwa "Unajitunzaje?" hujibu habari za kuoga na kufua. Swali lenye kuzaa jibu ni hili: "Ukikaribia kuugua, ni nini hutangulia?" Hapo mmoja husema kwamba usingizi wake hupungua toka saa saba hadi nne, mwingine kwamba huacha kuitikia salamu za majirani. Majibu hayo huandikwa, kwa mfano ule wa mpango wa kupona uliotungwa na Mary Ellen Copeland na wenzake mwaka 1997, pamoja na majina ya watu wawili walioruhusiwa kumwambia mhusika kwamba dalili zimeonekana.

Msimamizi anayesikiliza kwa makini ana alama nyingine tena, nayo ni ya lugha. Msaidizi mwenzi husimulia maradhi yake mwenyewe kama sehemu ya kazi, na masimulizi yenye afya huwa mafupi: yakiisha, anayesema tena ni yule mwingine. Yakianza kurefuka kila juma, na aliyekuja kusaidiwa akawa ndiye mwenye kuitikia na kufariji, kazi imegeuka. Wakati huo msaidizi hupunguziwa watu wa kufuatana nao, mathalan kutoka wanane hadi watatu, wala haondolewi kabisa. Na kila anayehamishwa huambiwa ni nani atakayempokea, na siku gani. Haya yote huwa yamekwisha kukubaliwa kwa maandishi wakati alipokuwa mzima, naye mwenyewe akayatia sahihi.