Hatua 70 za Nani? Daftari la Mwanafunzi Kwenye Shamba Darasa

Mahindi ya masika wilayani Kilosa hukaa shambani miezi minne hivi. Mwanafunzi wa kilimo aliyepelekwa kijijini kwa mafunzo kwa vitendo hukaa wiki chache tu, kisha hurudi chuoni. Hesabu hiyo inaonyesha tatizo lenyewe: aliyeona mbegu ikifukiwa mara nyingi si yeye atakayeona gunia likifungwa. Aliyepima kiwanja cha majaribio Machi hayupo Julai kuulizwa alikipimaje. Kinachobaki kati yao ni daftari, na daftari la shamba darasa huandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo.

Utaratibu wa shamba darasa ulianzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989, ambako Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliwakutanisha wakulima kila wiki shambani wakague wadudu na kuamua wenyewe kama kuna haja ya kupiga dawa. Ulipofika Afrika Mashariki katika miaka ya 1990 uliingia kwenye mahindi, mihogo na mboga. Vijijini Tanzania sura yake ya kawaida ni vipande viwili vinavyopakana: kimoja kinalimwa kama wakulima wa pale walivyozoea, cha pili kinapewa mbegu bora, nafasi sahihi na mbolea. Afisa ugani husimamia na mwanafunzi huandika. Hata hivyo wanakijiji humwita mwanafunzi huyo “bwana shamba” au “bibi shamba” tangu siku ya kwanza, na maswali humwangukia yeye.

Kosa la kwanza hutokea kabla ya mbegu kugusa udongo, nalo ni la eneo. Muulize mkulima ekari ni nini, atakujibu bila kusita: hatua 70 kwa 70. Jibu hilo halikutoka hewani. Yadi 70 kwa yadi 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari halisi ni 4,840, kwa hiyo aliyebuni kipimo hicho alijua alichokifanya. Shida ni kwamba yadi ina sentimita 91, na miguu ya watu haina. Mzee mfupi anayepiga hatua ya sentimita 75 akitembea hatua zake 70 amefika mita 52 na nusu. Eneo lake lote ni mita za mraba 2,756, ambalo halifikii hata robo tatu ya ekari. Kijana mrefu anayejinyoosha hadi mita moja kamili anapata mita za mraba 4,900, yaani ekari moja na zaidi ya moja ya tano.

Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ukimwagwa kwenye “ekari” hizo mbili, mahindi ya mzee yanapata karibu mara mbili ya yale ya kijana. Wakati wa mavuno mzee atasema amepata gunia chache kwa ekari, na mwanafunzi asiye na futi kamba ataandika kwamba mbolea haikufanya kazi. Dawa yake ni nyepesi. Pima kwa futi kamba, andika urefu na upana kwa mita, halafu eneo liwe kwenye mstari wake. Pasipo na futi kamba, pima hatua ya mwenye shamba kwa rula, andika “hatua ya sentimita 75”, na yeyote atakayekuja ataweza kurekebisha hesabu.

Chini ya vipimo hivyo inafuata ramani ya mkono, na hapa ndipo wanafunzi wengi huchora mistatili miwili safi wakaishia hapo. Ramani inapaswa kuonyesha mteremko unaelekea wapi, mwembe unatia kivuli upande gani na, zaidi ya yote, kichuguu kiko wapi na zizi la zamani lilikuwa wapi. Udongo wa kichuguu kilichosawazishwa na wa zizi lililohamishwa huwa na rutuba kuliko majirani zake, mara nyingi kwa misimu mingi. Kipande cha mbolea kikiangukia juu ya zizi la babu, mahindi yatakuwa ya kijani kibichi hata kama mbolea ingebaki dukani. Habari kama hizo hazionekani kwa macho. Hupatikana kwa kumwamkia bibi mwenye shamba, kukaa naye na kumuuliza hapa palikuwa na nini zamani.

Tuchukue mfano wa kipande cha mita 10 kwa 10. Mistari iko sentimita 75, mashimo sentimita 60, na kila shimo lina mimea miwili. Mistari 13 yenye mashimo 17 kila mmoja inafanya mashimo 221. Kama maelekezo ni mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, kipande hicho kinastahili kilo 1.24, yaani gramu 5 na ushei kwa shimo, kiasi ambacho kizibo cha soda kinakaribia kukibeba. Ndiyo maana mabwana shamba wanakipenda kizibo. Lakini “kizibo kimoja” cha mfuto na “kizibo kimoja” cha kilima havina uzito mmoja. Anayejali hupima uzito wa mbolea yote kabla ya kuanza na iliyosalia baada ya kumaliza, kisha anaandika iliyotumika kweli, si iliyokusudiwa.

Baada ya kupanda, kila ziara ina ukurasa wake. Neno linaloharibu kurasa nyingi ni “vizuri”. “Mahindi yanaendelea vizuri, wadudu wachache.” Msomaji wa Julai atafanya nini na sentensi hiyo? Mfano mzuri ni kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyeripotiwa barani Afrika mwaka 2016 na kuonekana Tanzania mwaka uliofuata. Kumkagua ni kutembea shambani kwa mkondo wa zigizaga, kusimama sehemu tano, na kila sehemu kutazama mimea 10 bila kuchagua. Hatari ya kuchagua ni kubwa, kwa sababu jicho huvutwa na mmea ulioliwa. Ukurasa unaofaa utasomeka hivi: siku ya 24 tangu kupanda, mimea 14 kati ya 50 ina majani yenye matundu na kinyesi kibichi kwenye koo la mmea, viwavi vingi bado vidogo.

Hiyo ni asilimia 28. Mahindi yakiwa bado machanga, miongozo mingi huweka kizingiti cha kuchukua hatua kwenye asilimia 20 hivi, kwa hiyo kundi lina jambo la kuamua siku hiyo hiyo. Maneno “kinyesi kibichi” nayo yana kazi yake. Matundu ya zamani yasiyo na kinyesi kipya yanaweza kumaanisha kiwavi ameshaondoka, na dawa itapigwa bure.

Mvua nayo iandikwe kila asubuhi kwa saa ile ile, kwa kawaida saa tatu. Asiye na kipima mvua anaweza kutumia kopo lililonyooka kuanzia mdomo hadi kitako, akaliweka mahali pa wazi na kupima kina cha maji kwa rula. Milimita za rula ndizo milimita za mvua. Yaandikwe pia yale ambayo mwanafunzi hutamani kuyaficha: mbuzi waliingia usiku, mstari wa mwisho ulirudiwa kupandwa, palizi ya pili ilichelewa kwa sababu kulikuwa na msiba. Bila habari hizo, pengo la mavuno litapewa sababu ya uongo.

Mavuno ndiyo sehemu inayodanganya kwa upole kuliko zote. Mistari ya pembeni haihesabiwi, kwa sababu inapata mwanga mwingi zaidi au mizizi yake inaiba mbolea ya jirani. Katika kipande chetu tuvune mistari minane ya kati kwa urefu wa mita nane: mita 6 kwa 8, eneo la mita za mraba 48. Hesabu mashina kwanza, vuna, pukuchua, pima kwa mizani. Tuseme kipande chenye mbolea kimetoa kilo 24 na kile cha mazoea kilo 12.5. Ukikimbilia kikokotoo utapata gunia 20 za kilo 100 kwa ekari dhidi ya 10 na nusu, na makofi yatapigwa.

Ila mahindi yale hayakuwa makavu sawasawa. Mbegu ya muda mrefu na mmea wenye nguvu huchelewa kukauka. Kipima unyevu kikisema asilimia 20 kwa kipande cha kwanza na 16 kwa cha pili, sehemu ya uzito ule ni maji. Vyote virudishwe kwenye asilimia 13, kiwango cha kuhifadhi: zidisha uzito kwa mia ukitoa unyevu uliopimwa, kisha gawa kwa 87. Kilo 24 zinakuwa 22.1, na 12.5 zinakuwa 12.1. Kwa ekari ni gunia 18.6 dhidi ya 10.2. Tofauti bado ni kubwa, ila imepungua kwa zaidi ya gunia moja, na gunia hilo lilikuwa maji matupu.

Penye uhaba wa vifaa, chupa kavu yenye chumvi kavu husaidia kidogo. Tia mahindi, tikisa, ngoja: chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Jaribio hilo linasema ndiyo au hapana tu. Haliwezi kutumika kusahihisha uzito. Na “gunia” lenyewe lisiandikwe kamwe bila kilo zake, kwa sababu lumbesa lenye kilemba juu nalo huitwa gunia.

Kinachobaki ni fedha, na wakulima huuliza hili kabla ya yote. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo namba hizi ni za mfano. Mifuko miwili ya mbolea, wa kupandia na wa kukuzia, sh 140,000. Mbegu sh 40,000. Vibarua vya ziada vya kuweka mbolea, kuvuna na kupukuchua sh 40,000. Jumla ni sh 220,000 juu ya gharama za mazoea. Gunia likiuzwa sh 60,000, inachukua karibu gunia 3.7 kurudisha fedha hizo, kati ya 8.4 zilizoongezeka. Likishuka hadi sh 35,000 wakati wa mavuno, gunia 6.3 zinakwenda kulipia gharama, na mkulima anabaki na mawili. Kama mbolea ilinunuliwa kwa ruzuku, neno “ruzuku” liandikwe kando ya bei, ili msimu usio na ruzuku usije ukamshtua mtu. Siku za kazi za mama na watoto ziandikwe pia, hata kama hakuna aliyelipwa.

Mwanafunzi anapofunga begi kurudi chuoni, ripoti yake huenda kwa msimamizi. Daftari lenyewe, lenye ramani ya kichuguu na urefu wa hatua ya mzee, linapaswa kubaki kwa katibu wa kundi la wakulima, na nakala yake kwa afisa ugani wa kata. Wao ndio watakaopanda tena Machi, pengine kwenye kipande kile kile, wakimpokea mwanafunzi mwingine.