Hisa Moja Kuwa Nne

Ijumaa ya tarehe 28 Agosti 2020, hisa moja ya Apple ilifunga soko ikiwa dola 499.23. Jumatatu iliyofuata ilianza kuuzwa kwa takribani dola 127. Aliyeangalia bei peke yake angedhani kampuni imeporomoka. Ukweli ni kwamba kila hisa ilikuwa imegawanywa kuwa nne.

Chukua mtu aliyekuwa na hisa 10. Ijumaa, mali yake ilikuwa dola 4,992.30. Baada ya mgawanyo akawa na hisa 40, na bei ya Ijumaa ukiigawa kwa nne ni kama dola 124.81. Zidisha kwa 40, unarudi palepale. Kampuni haikuingiza wala kutoa hata senti. Viwanda, madeni na faida vilibaki vilevile, ila umiliki umekatwa vipande vidogo zaidi. Hata gawio lilifuata hesabu hiyo: senti 82 kwa hisa zikawa senti 20.5.

Jumatatu hiyo hisa ilifunga dola 129.04. Ongezeko hilo lilitoka kwa wanunuzi, si kwenye mgawanyo wenyewe. Bei ndogo huwarahisishia wenye mtaji mdogo kununua hisa nzima, na hamu yao inaweza kuisukuma bei. Ndiyo maana usilinganishe bei ya leo na risiti yako ya zamani kabla hujagawa bei ya risiti kwa nne.