Gemu Inapokwama kwa Sababu ya Joto

Dakika za mwanzo gemu huenda laini. Baadaye feni zinaanza kuvuma, picha zinakatikakatika, na mchezaji anailaumu intaneti. Mara nyingi mkosaji ni joto. Prosesa ikifika kikomo chake cha joto hujipunguzia kasi ili isiungue. Ikipoa kidogo hupandisha kasi, ikichemka huishusha tena. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakoonekana kwenye skrini kama kukwama.

Tuchukue Intel Core i7-9750H, prosesa ya mwaka 2019 iliyofungwa kwenye kompyuta mpakato nyingi za gemu. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.6, na hali ikiruhusu hufika 4.5. Kikomo chake ni nyuzi joto 100. Kabla hujagusa kitu, fungua HWiNFO, programu ya bure ya vipimo, ucheze nusu saa, kisha usome safu ya `Maximum`. Ukikuta nyuzi 100, na mstari wa `Core Thermal Throttling` unasema `Yes`, tatizo ni joto. Kasi ikishuka huku joto likiwa nyuzi 80 tu, huenda umegonga kikomo cha umeme alichoweka mtengenezaji, na hapo kusafisha hakutakusaidia.

Anza na vumbi, kwa sababu hatua nyingine zote hulificha tu. Haliko unapoliona, kwenye matundu ya nje. Hujikusanya ndani, kati ya feni na mapezi membamba ya chuma yanayotoa joto, na likizoeana huwa zito kama kipande cha blanketi. Kupuliza kutoka nje hulisukuma lirudi ndani. Zima kompyuta, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, uchomoe waya wa betri, kisha uling'oe kwa brashi laini na umalizie kwa kupuliza. Shika feni kwa kidole unapopuliza: ikizungushwa kwa kasi isiyo yake, beringi zake huharibika.

Baada ya hapo punguza joto linakozaliwa, yaani kwenye umeme. Kiwandani prosesa hupewa volteji yenye ziada ya usalama, kwa kuwa chipu hazilingani ubora. Ziada hiyo ni gharama, maana umeme unaotumika hufuata mraba wa volteji. Ukiteremsha volti 1.10 hadi 1.00 kwa kasi ileile, matumizi hupungua kwa takriban asilimia 17: wati 45 zinakuwa kama 37, bila gemu kupoteza chochote.

Kazi hiyo hufanywa na ThrottleStop. Ingia `FIVR`, chagua `CPU Core`, weka tiki kwenye `Unlock Adjustable Voltage`, kisha shusha `Offset Voltage` hadi milivolti -50. Fanya vivyo hivyo kwa `CPU Cache`. Usihifadhi mabadiliko moja kwa moja mpaka uyajaribu, ili kompyuta ikigoma, kuizima na kuiwasha kuyafute. Cheza, ikitulia, shuka milivolti 10 nyingine. Skrini ya buluu au gemu kujifunga yenyewe ni dalili kwamba umepita mpaka, basi rudi juu milivolti 20. Wengi wenye prosesa hii huishia kati ya -80 na -120, lakini usinakili namba ya jirani: chipu yake si yako.

Kuna kizuizi. Desemba 2019 watafiti walitangaza Plundervolt, udhaifu uliotumia njia hiihii ya volteji kuvamia sehemu ya siri ya prosesa za Intel. Masasisho ya BIOS yaliyofuata yaliufunga mlango huo kwenye kompyuta nyingi. Kama yako imefungwa, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, uweke `Maximum processor state` iwe 99%. Prosesa hii itabaki karibu na gigahezi 2.6. Utapoteza kasi ya juu, lakini kwa gemu nyingi kasi ndogo iliyotulia ni bora kuliko kubwa inayoyumba.

Kwa feni, tumia programu ya mtengenezaji wa kompyuta yako. Nyingi huchelewa, zikisubiri joto lishapanda. Panga zifike nusu ya nguvu kwenye nyuzi 60 na nguvu zote kwenye 85. Kelele itaongezeka, hilo halina dawa.

Stendi ije mwisho, na usiilipie sana. Faida yake kubwa ni kuinua kompyuta ili matundu ya chini yavute hewa, jambo lisilowezekana juu ya godoro. Ukinunua yenye feni, hakikisha zinakaa chini ya matundu na zinapuliza kuelekea juu.

Rudia kipimo cha nusu saa katika chumba kilekile, kwa sababu chumba kikizidi joto kwa nyuzi tano, prosesa nayo huzidi karibu hivyo. Kama bado inagota 100 ikiwa safi, grisi kati ya prosesa na chuma cha kupoozea huenda imekauka. Mpelekee fundi aibadilishe.