Saa ya Simu na Saa ya Mahali

Ndoa inafungwa Unguja, Jumamosi ya tarehe 19 Desemba 2026, saa 10 alasiri. Kijana wa familia anayejua mambo ya kompyuta ametengeneza faili la kalenda, lile lenye jina linaloishia na `.ics`, akalirusha kwenye kundi la ukoo. Ukiligusa tu, tukio linaingia kwenye kalenda ya simu. Ndani ya faili, mstari wa saa umeandikwa hivi:

```
DTSTART:20261219T160000
```

Mwaka, mwezi, tarehe, kisha herufi T, kisha saa kwa mtindo wa saa 24: 160000 ni saa 10 kamili alasiri. Kwa walioko Unguja hakuna tatizo. Ila shangazi yuko Maskati na binamu yuko London, nao watafuatilia kwa video. Simu ya shangazi inamwambia saa 10 alasiri, yaani saa 10 ya Maskati, wakati Unguja ndiyo kwanza saa 9. Atakaa mbele ya kioo saa nzima akitazama watu wakitandika mikeka. Binamu naye anaambiwa saa 10 ya London. Wakati huo Unguja itakuwa saa 1 usiku, na ndoa imeshafungwa zamani.

Hakuna simu iliyokosea hapo. Mstari ule unataja saa bila kutaja ni saa ya wapi, na kanuni za mafaili haya, zilizoandikwa katika waraka wa RFC 5545 wa mwaka 2009, zinasema saa ya namna hiyo ifuate mahali alipo mwenye kuisoma. Huitwa saa inayoelea. Haina nanga; inakwenda na simu popote simu iendapo. Waraka wenyewe unatahadharisha kwamba mara nyingi watu hukusudia saa iliyofungwa mahali, na kwamba ya kuelea itumike pale tu inapoleta maana.

Inaleta maana wapi? Kengele ya kukuamsha saa 12 asubuhi ni mfano safi. Ukisafiri kwenda Toronto hutaki ikulilie saa 4 usiku kwa sababu nyumbani kumekucha. Siku nzima nazo huelea: sikukuu ya Jamhuri ya Kenya, siku ya kuzaliwa, tarehe ya mwisho ya kodi ya nyumba. Hizo huandikwa kwa tarehe peke yake, bila saa yoyote:

```
DTSTART;VALUE=DATE:20261212
```

Mtengeneza programu mvivu huandika siku ya kuzaliwa kama tukio linaloanza saa 6 usiku katika saa ya dunia, UTC, na hapo ndipo utamwona mtu aliyeko Toronto akipongezwa siku moja kabla. Ukiona sikukuu imevuka na kugusa tarehe mbili kwenye kalenda yako, sababu ni hiyo karibu kila mara.

Dawa ni kisa kigumu zaidi. Kikumbusho cha kidonge cha saa 2 asubuhi kwa kawaida huachwa kielee, na kwa msafiri wa Dar es Salaam kwenda Nairobi hakuna kinachobadilika. Lakini ukienda Toronto wakati wa baridi, saa 2 asubuhi ya huko inakuja saa nane baada ya ile ya nyumbani. Kati ya kidonge na kidonge zitapita saa 32 badala ya 24. Kwa dawa nyingine si neno, kwa nyingine ni hatari, na hilo ni la kumuuliza daktari kabla ya safari. Kalenda haijui kama unafuata asubuhi au unafuata muda uliopita.

Turudi kwenye mwaliko. Kijana wetu ana njia mbili za kuufunga:

```
DTSTART:20261219T130000Z
DTSTART;TZID=Africa/Dar_es_Salaam:20261219T160000
```

Ya kwanza imeishia na Z, alama ya UTC. Saa 10 alasiri ya Unguja ni 13:00 huko. Ya pili inataja saa ya Unguja pamoja na jina la saa za eneo. (Zanzibar haina jina lake kwenye orodha ya majina hayo inayotumiwa na kompyuta duniani kote, kwa hiyo huazima la Dar es Salaam.) Kwa ndoa hii zote mbili zitampa shangazi saa 11 jioni na binamu saa 7 mchana, kama ipasavyo.

Wengi huishia hapo na kudhani Z inatosha kwa kila kitu. Haitoshi, na Juba ndiko lilikoonekana wazi. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, kutoka kuwa sawa na Nairobi hadi kuwa sawa na Kigali. Fikiria kikao cha ofisini Juba kila Jumatatu saa 3 asubuhi, kilichoingizwa kwenye kalenda mwaka 2020. Kama kiliandikwa 060000Z, kuanzia Februari simu zilikiita saa 2 asubuhi, watu wakiwa bado njiani. Kama kiliandikwa kwa `TZID=Africa/Juba`, kilibaki saa 3 ya Juba, na ni mshiriki wa Nairobi aliyekiona kimehamia saa 4. Hilo ndilo lililotakiwa, maana kikao ni cha Juba. Z inafaa kwa jambo lililokwisha kutokea, au lisilo na mwenyeji, mfano kupatwa kwa mwezi. Kikao kijacho kina mwenyeji, na saa ya mwenyeji inaweza kubadilishwa na serikali.

Hata jina la eneo lina mpaka wake. Simu hujua kilichobadilika Juba pale tu orodha yake ya saa za maeneo inaposasishwa, na toleo lililobeba badiliko hilo lilitoka wiki moja tu kabla. Simu kuukuu isiyopokea masasisho iliendelea na saa ya zamani.

Unajuaje faili lako ni la aina gani? Kuliingiza kwenye simu hakutoshi, kwa kuwa kalenda nyingi za mtandaoni zikipokea saa inayoelea huibandika kimyakimya kwenye saa za eneo la akaunti yako, nawe unaiona sawa kabisa. Lifungue kama maandishi ya kawaida, kwa programu yoyote ya kusomea maandishi. Usidanganywe na `DTSTART` ya kwanza utakayokutana nayo. Huenda imo ndani ya kipande cha `VTIMEZONE`, kinachoeleza kanuni za saa za eneo, na mara nyingi inataja mwaka kama 1970. Haina Z wala jina, na ndivyo inavyotakiwa kuwa pale. Shuka hadi `BEGIN:VEVENT`, utafute `DTSTART` iliyo chini yake, kisha uangalie `DTEND` pia. Kwa tiketi ya ndege ya Unguja hadi Maskati mistari hiyo miwili inapaswa kutaja maeneo mawili tofauti, la kuruka na la kutua.