Upele: Nyumba Nzima, Usiku Mmoja

Mtoto wa kidato cha pili anarudi likizo ya Juni kutoka bweni akijikuna. Mama anamkagua na kuona vipele katikati ya vidole, kwenye viwiko, kiunoni na kwenye matako. Usiku hali inakuwa mbaya zaidi, hadi kijana anaamka. Zahanati wanasema ni upele, anapewa chupa ya BBE, anapakwa siku mbili, na kufika Julai anarudi shule akiwa nafuu. Nyumbani hakuna mwingine anayejikuna, basi jambo limekwisha.

Halijaisha. Katikati ya Julai bibi anaanza kujikuna, na baada yake mjukuu wa miaka minane anayelala naye kitanda kimoja. Mama ananunua BBE nyingine, anawapaka hao wawili. Mwezi wa nane ni zamu ya dada wa kazi, kisha mtoto mchanga. Septemba kijana anarudi likizo fupi, na baada ya siku tatu tu anajikuna tena. Kufikia hapo kila mtu ana maelezo yake: dawa feki, maji ya kisima, jirani mbaya. Hii ni nyumba ya mfano, lakini mhudumu yeyote wa zahanati atakwambia amekutana nayo.

Dawa haikuwa feki. Tatizo lilikuwa kalenda. Upele unaletwa na mdudu wa jamii ya utitiri, jike lake likiwa na urefu usiofika nusu milimita. Analichimba tabaka la juu la ngozi, anapita humo kama kwenye handaki, na kila siku anataga mayai mawili au matatu. Mwasho hautokani na kuchimba kwenyewe. Ni mwili unaoukataa uwepo wake, mayai yake na kinyesi chake, na kwa mtu ambaye hajawahi kuupata, mwili huchukua wiki nne hadi sita kuanza kukataa. Muda wote huo hajikuni, ngozi yake inaonekana safi, na anaambukiza. Aliyewahi kuugua huwashwa ndani ya siku chache, kwa sababu mwili wake unamjua mgeni. Ndiyo maana kijana alijikuna haraka mwezi wa Septemba.

Kwa hiyo siku ile ya Juni, mama alipoona mtu mmoja tu anayejikuna, huenda watatu walikwishapata. Mdudu huyu harukiruki wala haruki hewani. Huhama ngozi kwa ngozi, kwa mgusano wa muda: kulala pamoja, kumpakata mtoto, wapenzi. Salamu ya mkono ya haraka haimtoshi. Ukitaka kujua nani anahitaji dawa, usitazame nani anajikuna. Uliza nani analala na nani, na nani anambeba nani.

Nyumba hii ina watu saba: baba, mama, bibi, dada wa kazi na watoto watatu. Wote saba wanapakwa usiku mmoja. Tuseme ni Jumamosi. Saa moja wanaoga, wanajikausha, wanaacha mwili upoe. Kisha dawa inapakwa kuanzia shingoni hadi nyayo, si penye vipele peke yake: katikati ya vidole, chini ya kucha zilizokatwa fupi, kwapani, kitovuni, chini ya matiti, sehemu za siri kwa nje, kwenye nyayo. Mgongo apake mwingine. Wachanga na wazee sana hupakwa pia kichwani na usoni, mbali na macho na mdomo. Anayenawa mikono baadaye apake tena mikono; hapo ndipo wengi wanapoharibu, maana mdudu hupenda vidole kuliko mahali pengine.

Krimu ya pemethrini ya asilimia 5 hukaa saa 8 hadi 14, kisha huoshwa. BBE ya asilimia 25 hukaa siku nzima, na kwa kawaida mtu mzima hupakwa mara mbili. Ni kali kwa ngozi changa, hivyo kwa mtoto wa miaka 2 hadi 12 huchanganywa na maji kiasi sawa, na kwa aliye chini ya miaka 2 kipimo kimoja cha dawa kwa vitatu vya maji, akikaa nayo saa 12. Mjamzito na mama wa mtoto mchanga wamwulize mhudumu kwanza. Hospitali nyingine hutoa vidonge vya ivamektini, ambavyo haviui mayai. Kwa hiyo humezwa tena baada ya siku 7 hadi 14, vifaranga vikiwa vimeanguliwa. Pemethrini nayo hurudiwa baada ya wiki. Watoto walio chini ya kilo 15 na wajawazito hawapewi vidonge hivyo. Mafuta ya taa ni ya jiko.

Sasa nguo. Hapa watu hujichosha bure na kuacha kinachohitajika. Nje ya mwili mdudu huyu hufa kwa kukauka na njaa, mara nyingi ndani ya siku mbili au tatu. Kabati zima halihitaji kufuliwa. Kinachohitaji ni vilivyogusa ngozi siku tatu zilizopita: shuka, foronya, taulo, nguo za kulalia, kanga ya kujifunika, na mbeleko, ambayo husahaulika kila mara. Seti moja ya shuka na nguo ifuliwe asubuhi ya Jumamosi, ili usiku watu waliopakwa walale kwenye kilicho safi. Vilivyobaki vifuliwe Jumapili.

Joto la nyuzi 50 kwa dakika 10 huwaua wadudu na mayai. Kwenye ndoo, nguo baridi hunyonya joto haraka, kwa hiyo weka nguo chache, mimina maji yaliyochemka hadi zizame, funika, kandamiza kwa mti na uache dakika ishirini. Maji yakiwa hayaumizi kidole wakati wa kuzitoa, yalikuwa kidogo. Kisha fua kwa sabuni, anika juani hadi zikauke kabisa, na piga pasi mishono. Kwa blanketi, koti au mdoli usioweza kuchemshwa, funga kwenye kiroba na uache wiki moja bila mtu kugusa. Godoro litolewe juani. Kulipulizia dawa ya mbu hakusaidii, na familia italala juu ya sumu.

Kuna upele mwingine, wa magamba mazito, unaowapata wazee dhaifu na watu wenye kinga ndogo. Mgonjwa wa kawaida huwa na wadudu kumi au kumi na tano. Huyu ana maelfu, na matandiko yake kweli huambukiza. Huyo apelekwe hospitali.

Baada ya dawa mwasho huendelea wiki mbili hadi nne, kwa sababu wadudu waliokufa wamo bado ndani ya ngozi. Usipake BBE kila siku kwa hofu, maana nayo inaunguza na kuwasha. Krimu za kupunguza mwasho zinazouzwa holela huficha vipele bila kuua mdudu. Rudi zahanati ukiona vipele vipya baada ya mwezi, au usaha mapema zaidi: vidonda vya kujikuna vikiingiliwa na bakteria vinaweza kuumiza hata figo za mtoto.

Chupa zikiwa mbili na watu ni saba, ngoja siku chache mpate za kutosha wote, kisha mpakwe pamoja. Na kijana akirudi bweni, mwambie mlezi wa bweni, ili wenzake wa vitanda vya karibu nao wapakwe.