Kimya cha Akko: Roboti Mlezi Hujifunzaje?

Roboti haisikii kimya. Maikrofoni yake huingiza sauti muda wote, programu huikata sauti hiyo katika vipande vya milisekunde 10 hadi 30, na kila kipande huulizwa swali moja: kuna mtu anayesema hapa, au hakuna? Vipande visivyo na usemi vikifuatana hadi kupita kizingiti alichoweka fundi, mara nyingi sekunde moja au chini yake, mashine huhesabu kwamba zamu ya mtu imekwisha. Hapo hujibu, hurudia swali, au hugeuka na kwenda kwa mwingine. Kwa mhudumu wa wazee nafasi hiyo hiyo inaweza kuwa swala, usingizi, uziwi, maumivu, huzuni, au mwanzo wa ugonjwa utakaomfikisha mtu hospitalini kabla ya Ijumaa.

Afrika Mashariki imekwisha kuziona roboti za hospitali. Mei 2020 Rwanda ilipeleka baadhi ya roboti zake mpya katika kituo cha korona cha Kanyinya, Kigali, zikiwa na majina ya Kinyarwanda kama Akazuba na Urumuri. Mwanzoni mwa 2023 Kenya nayo ilipokea Jasiri, Shujaa na Tumaini. Roboti hizi zilipima joto la mwili na kupunguza mikutano ya ana kwa ana kati ya mhudumu na mgonjwa. Zilisaidia, lakini kazi yao ilikuwa kupima kitu kilicho na kipimo. Kimya hakina kipimojoto.

Mradi uliokaribia zaidi suala hili ni CARESSES, ulioanza 2017 kwa ushirikiano wa Ulaya na Japani na kuifikisha roboti iitwayo Pepper katika nyumba za wazee za Uingereza. Wabunifu wake walikuwa na wazo zuri. Roboti huanza na dhana kuhusu utamaduni wa mtu: huenda anasali, huenda hapendi kuguswa, huenda chai yake ina maziwa. Kisha dhana hiyo hupimwa kwa mtu mwenyewe, na akionyesha kwamba yeye siyo hivyo, dhana inashuka na mtu anapanda. Naona hapo ndipo pa kuanzia hata kwa kimya.

Tuihamishie kazi hiyo Isiolo, katika nyumba ya wazee ya kufikirika, kwa sababu wazee wengi wa kaunti hiyo hulelewa na jamaa zao. Nyumba yetu ina wazee 20: Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru. Roboti inasema Kiswahili. Shida ya kwanza inatokea kabla ya ugonjwa wowote. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha utafiti wa mazungumzo katika lugha 10 za dunia, wakakuta kwamba kwa wastani mtu hujibu swali baada ya kama milisekunde 200, ingawa lugha hutofautiana. Hakuna hata moja kati ya lugha hizo iliyotoka Afrika Mashariki. Isitoshe, wazee huchelewa kuliko vijana, na anayejibu kwa lugha ya pili huchelewa zaidi. Kwa hiyo kizingiti cha sekunde moja kitamkatiza mzee wa Isiolo kila mara, naye ataacha kujibu. Roboti itaandika kwamba hasemi, kumbe yenyewe ndiyo iliyomnyamazisha.

Kuna jambo zito zaidi. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau, aliyejifunza Kiswahili ukubwani, anaweza kukipoteza huku lugha ya mama ikibaki. Kimya chake mbele ya swali la Kiswahili hakisemi lolote kuhusu akili yake mpaka aulizwe kwa Kiborana au Kiturkana. Kanuni ya kwanza ya roboti yetu basi iwe hii: kabla ya kukipa kimya maana, muite mtu wa lugha yake amuulize.

Sasa tumfuate mkazi mmoja wa nyumba hiyo, bibi wa Kiborana wa miaka 82, ambaye wahudumu humwita akko. Wiki tatu za kwanza roboti haitoi tahadhari yoyote juu yake. Inakusanya kawaida yake tu. Baada ya swala ya alfajiri hukaa na tasbihi yake kama dakika 40, na akiitwa haitiki. Saa nne asubuhi, chai inapoletwa, yeye ndiye huanza salamu. Akiulizwa kwa Kiborana hujibu baada ya kama sekunde mbili, kwa Kiswahili baada ya nne. Alasiri husinzia. Kimya cha tasbihi ni kirefu kuliko chochote katika siku yake, nacho hakina tatizo. Mashine inayohesabu urefu peke yake ingempigia kengele kila alfajiri.

Jumatatu moja, saa nne, akko haanzi salamu. Anajibu baada ya sekunde sita, neno moja. Anageuza kichwa kwa kuchelewa mlango unapofunguliwa. Chai inapoa. Jioni anaongea vizuri na jirani yake, na mhudumu wa zamu ya usiku anaandika kwamba yu salama. Jumanne ni vile vile, asubuhi akiwa mzito na jioni akiwa na nafuu. Roboti inayochukua wastani wa siku nzima haioni kitu, kwa kuwa jioni inafidia asubuhi. Inayolinganisha saa nne ya leo na saa nne za wiki zilizopita inaona pengo mara moja. Kupanda na kushuka huku ndani ya siku ni alama kuu ya kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na ugonjwa wa mwili. Kuna aina yake ya makelele, mgonjwa akihangaika na kuvuta mashuka, na hiyo huonwa na kila mtu. Aina ya kimya hupita bila kuonwa, kwa sababu mgonjwa mtulivu hamsumbui mtu.

Muuguzi anaitwa. Ana kipimo kifupi kinachotumika katika nchi nyingi, 4AT, chenye sehemu nne. Anaangalia kama mgonjwa yuko macho. Anamuuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka. Anamwomba ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Mwisho anauliza kama kuna badiliko la ghafla au hali inayopanda na kushuka. Alama 4 au zaidi huashiria kuchanganyikiwa kwa ghafla.

Hapa Isiolo inakifundisha kipimo chenyewe. Akko hajui tarehe aliyozaliwa, kama wazee wengi waliozaliwa malishoni bila cheti. Mwaka wa Kizungu haujawahi kumhusu sana. Waborana wana kalenda yao ya miezi ya mwandamo, yenye siku 27 zenye majina, ambazo zinazunguka bila kufuata wiki. Kumwambia ahesabu kutoka Desemba kurudi nyuma ni kumpa mtihani wa shule asiyoisoma. Maswali mawili yakikosewa ni alama 2, na akikataa kuanza miezi ni alama 1. Akiwa mzima kabisa, na bila ya kuumwa popote, anapata 3, kiwango ambacho kipimo hukisoma kama dalili ya kuharibika kwa kumbukumbu. Kimya chake baada ya "huu ni mwaka gani?" ni cha mtu asiyehusika na swali.

Sehemu ya nne ni tofauti. Badiliko la ghafla peke yake lina alama 4, na haliulizi elimu wala kalenda. Linahitaji mtu aliyemjua mgonjwa juzi. Katika nyumba ambayo wahudumu hupokezana zamu na wengine huhama baada ya miezi michache, mtu huyo mara nyingi hayupo. Roboti iliyokuwa hapo kila saa nne inaweza kujaza pengo hilo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake ya pekee katika suala hili.

Muuguzi anapima joto, mapigo ya moyo, pumzi na sukari, kisha anatazama ulimi, kibofu na orodha ya dawa. Ulimi umekauka na tumbo la chini limejaa. Ijumaa akko alipewa dawa ya mafua, klofeniramini, ile ambayo watu huiita Piritoni na kuinunua bila wasiwasi. Kwa mzee dawa hii inaweza kuzuia mkojo na kuivuruga akili. Daktari anaisimamisha, mkojo unatolewa, maji yanarudishwa. Jumatatu inayofuata akko anawahi salamu.

Kilichobaki ni roboti kuelezwa. Muuguzi anaandika kwamba kimya kile kilitokana na dawa na mkojo uliozuiwa, na rekodi ya siku zile inapata jibu. Bila jibu hilo mashine haijajifunza kitu, imerundika tu. Lakini kuna mtego ambao wengi wanaounda mifumo hii huuingia. Muuguzi huandika majibu ya nyakati zile tu ambazo roboti ilimwita. Kimya ambacho roboti ilikiona cha kawaida hakuna aliyekwenda kukitazama, na kama kulikuwa na maumivu ndani yake, roboti itaendelea kuamini kwamba hayakuwapo. Mwenye maumivu ya nyonga, kwa mfano, hutulia kabisa akiwa amelala, na uso wake hukunjamana pale anapogeuzwa. Dawa ya mtego huu ni kumtuma mhudumu mara kwa mara, kwa kura, akatazame hata kimya kisichotiliwa shaka, wakati wa kuoga na kuvishwa hasa, kisha aandike alichokiona.

Hesabu nayo inabana. Tuseme wazee wetu 20 wana kila mmoja nyakati 10 za kimya kirefu kwa siku, jumla 200, na mbili tu kati ya hizo zina ugonjwa. Roboti inayonasa karibu ugonjwa wote, na kukosea mara moja tu katika kila kumi wakati hakuna ugonjwa, itaita mara 22 hivi. Ishirini ni bure. Muuguzi mmoja wa zamu ataitikia wito huo siku ya kwanza na ya pili, kisha atazima sauti. Ndiyo maana tahadhari isitolewe kwa kimya peke yake, bali kikifuatana na dalili nyingine: salamu iliyokosekana, kichwa kilichochelewa kugeuka, kikombe kisichonywewa.

Kimya kinachoikwepa mashine kuliko vyote ni kile kinachokuja polepole. Sonona ya uzeeni inaweza kuchukua miezi. Wiki hii jibu linachelewa kidogo, wiki ijayo kidogo tena, na roboti inayojirekebisha kila siku inafuatana na mgonjwa kushuka naye, ikiita kila hatua kawaida mpya. Kwa hiyo ihifadhi kawaida ya mwezi wa kwanza bila kuigusa, na kila mwezi ilinganishe nayo. Na mgeni anapokuja, aulizwe kabla hajaondoka. Binti aliyetoka Merti baada ya miezi minne ana kumbukumbu ya mama yake ambayo haijarekebishwa na mtu, na kwa kawaida akishakaa naye dakika chache tayari anajua.